Monolithi au Maikroservisi? Mwongozo Kamili kwa Timu Ndogo Inayojenga Programu Yake ya Kwanza ya Wingu

Wasomaji wanaoniandikia kuhusu jambo hili hukwama karibu mahali pamoja. Wameanza kwa kuigawa programu vipande sita, kila kipande na hifadhidata yake, na miezi michache baadaye wanauliza: kwa nini mteja amelipa na stoo haijapungua? Kwa nini oda moja inaonekana imelipwa huku na haijalipwa kule? Majibu yake yako katika uamuzi uliofanywa siku ya kwanza, kabla ya mstari wowote wa msimbo kuandikwa.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Monolithi ni programu inayopandishwa yote kwa pamoja. Moduli zake huitana moja kwa moja ndani ya mchakato uleule, na mara nyingi hutumia hifadhidata moja. Maikroservisi ni programu kadhaa ndogo, kila moja ikipandishwa kivyake na kushika data yake, nazo huzungumza kwa mtandao.

Msimamo wangu nautoa mapema: timu ya watu watatu hadi wanane inayojenga programu yake ya kwanza ianze na monolithi yenye kuta za ndani, isipokuwa ikipata sababu mojawapo kati ya zile za hatua ya 4. Usiuchukue kwa imani. Pitia hatua hizi ukiwa na mfumo wako mkononi, uone jibu linatoka wapi.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Karatasi moja kubwa au ubao, na timu nzima chumbani kwa nusu siku.
- Orodha ya kazi zote ambazo programu itafanya, kwa maneno ya mteja.
- Orodha ya mifumo ya nje mtakayoitegemea: malipo ya simu, SMS, ramani.
- Majina ya watakaopokea simu mfumo ukizima usiku. Andika majina ya watu halisi, maana neno "timu" halipokei simu.
- Bajeti ya wingu ya mwezi, na onyo la bili lililowashwa kwenye akaunti kabla ya kuwasha seva yoyote.
- Hifadhidata ya PostgreSQL kwenye mashine ya kila mmoja, toleo lilelile mtakalotumia winguni.

## Mfano tutakaotembea nao

Tuchukue timu ya watu wanne Mombasa. Wanajenga programu ya wenye maduka kuagiza bidhaa kwa mwenye jumla: unga, sukari, mafuta ya kupikia. Mwenye duka anachagua bidhaa, anapokea ombi la M-Pesa kwenye simu yake, anaweka PIN, na mzigo unatoka siku hiyohiyo. Kazi zimegawanyika hivi: wateja, stoo, oda, malipo, usafirishaji na taarifa za SMS.

Vichwa sita vya kazi vinashawishi mtu kujenga huduma sita. Tuone kama hoja hiyo inasimama.

## Hatua ya 1: Chora safari ya oda moja

Chagua tukio moja tu, lile linaloleta pesa, ulichore toka mwanzo hadi mwisho. Usichore mfumo mzima, kwa sababu michoro ya mfumo mzima huwa na visanduku vingi na mishale isiyosema lolote.

Kwa timu yetu safari ni hii. Mwenye duka anaagiza marobota 3 ya unga kwa shilingi 5,400. Mfumo unaangalia stoo na kuyaweka kando marobota hayo. Oda inaandikwa. Rekodi ya malipo inafunguliwa ikiwa na hali ya kusubiri. Ombi linatumwa Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa. Mteja anaweka PIN. Safaricom inaleta jibu kwenye anwani mliyoitoa. Malipo yanabadilika kuwa yamelipwa, oda inathibitishwa, dereva anapangiwa, SMS inatoka.

Chini ya kila tukio andika data inayobadilika. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. "Mfumo unathibitisha oda" ni maneno tu. "Safu ya hali kwenye jedwali la oda inabadilika" ni jambo linaloweza kushindikana nusu ya njia.

Hatua imefaulu ikiwa mtu asiyeijua programu anaweza kusoma mchoro na kukuambia ni majedwali gani yanaguswa, na kwa mpangilio upi.

## Hatua ya 2: Zungushia duara data inayopaswa kubadilika pamoja

Chukua kalamu ya rangi nyingine. Kila mahali ambapo mabadiliko mawili lazima yatokee yote au yasitokee kabisa, yazungushie duara moja.

Kwenye mfano wetu kuna duara moja kubwa: stoo kupungua, oda kuandikwa, rekodi ya malipo kufunguliwa. Stoo ikipungua bila oda, marobota 3 yamepotea kwenye hesabu huku yapo rafuni. Oda ikiandikwa bila stoo kupungua, watu wawili watauziwa unga uleule.

Ndani ya monolithi yenye hifadhidata moja, duara hilo ni muamala mmoja:

```sql
BEGIN;
UPDATE stoo.bidhaa SET zilizopo = zilizopo - 3
 WHERE id = 17 AND zilizopo >= 3;
INSERT INTO oda.oda (id, mteja_id, bidhaa_id, idadi, hali)
 VALUES (9021, 44, 17, 3, 'inasubiri_malipo');
INSERT INTO malipo.malipo (oda_id, kiasi, hali, ufunguo)
 VALUES (9021, 5400, 'yanasubiri', 'k7f2q9');
COMMIT;
```

Amri ya kwanza ikirudisha kwamba haikugusa mstari wowote, unga hautoshi, na programu inatuma `ROLLBACK`. Umeme ukikatika kati ya amri ya pili na ya tatu, PostgreSQL inafuta yote kana kwamba hayakutokea. Kazi hiyo hamkuiandika ninyi, na haiwagharimu kitu.

Sasa jaribu jambo lilelile stoo, oda na malipo zikiwa huduma tatu zenye hifadhidata tatu. Huduma ya oda inaiomba stoo ipunguze marobota 3. Stoo inapunguza, kisha mtandao unakatika kabla ya jibu kurudi. Huduma ya oda haijui kilichotokea. Ikiomba tena, huenda stoo ikapungua 6. Ikinyamaza, marobota 3 yamening'inia. Dawa ipo: kila ombi lipewe namba ya kulitambua ili lisifanyike mara mbili, kila hatua iwe na hatua ya kuitengua, na pawe na kazi inayopita kila baada ya muda kutafuta oda zilizokwama. Lakini hiyo ni programu nyingine nzima, tena ngumu kuliko programu ya maduka yenyewe.

Kanuni ya uamuzi: mpaka wa huduma usikate duara. Duara likishika moduli tatu, moduli hizo tatu zinakaa pamoja. Ukitazama mchoro wetu, kati ya vichwa sita kilichobaki nje ya duara bila shida ni taarifa za SMS, na labda usafirishaji.

Onyo moja hapa, kwa sababu kosa hili huzaa matatizo yanayofanana na yale ya maikroservisi. Usiite Daraja ukiwa ndani ya muamala. Ombi la mtandao linaweza kuchukua sekunde kadhaa, na muda wote huo mstari wa unga kwenye jedwali la stoo umefungwa, na kila mteja mwingine anayetaka unga anasubiri. Funga muamala kwa `COMMIT` kwanza, ndipo utume ombi.

## Hatua ya 3: Fuata tukio gumu zaidi hadi mwisho

Watu wengi huishia hatua ya 2 wakadhani monolithi imemaliza matatizo yote. Haikumaliza. Safaricom yenyewe ni huduma ya nje inayofikiwa kwa mtandao, kwa hiyo hata mwenye monolithi ana mpaka mmoja wa kweli wa kuulinda. Kuulinda huo mmoja vizuri kutakuonyesha kulinda mipaka mitano kungegharimu nini.

Ukituma ombi la malipo, Daraja hujibu papo hapo kwa `CheckoutRequestID` na `ResponseCode` ya `0`. Jibu hilo lina maana moja tu, kwamba ombi limepokelewa. Pesa bado. Matokeo huja baadaye kwenye anwani yako ya HTTPS, yakiwa na `ResultCode`: `0` amelipa, `1032` ameghairi mwenyewe.

Kuna mambo matatu ya kujiandaa nayo.

Matokeo yanaweza kufika kabla hujamaliza kuhifadhi `CheckoutRequestID`. Ndiyo maana kwenye msimbo wa juu nimeweka safu ya `ufunguo`: herufi zisizokisika, ndefu kuliko hizi za mfano, zinazotengenezwa kabla ya ombi kutumwa na kuwekwa mwishoni mwa anwani ya kurudishia matokeo. Yakifika mapema, rekodi yake ipo tayari ikisubiri.

Matokeo yanaweza kufika mara mbili. Acha hifadhidata ikulinde:

```sql
UPDATE malipo.malipo
   SET hali = 'yamelipwa', risiti = $1
 WHERE ufunguo = $2 AND hali = 'yanasubiri';
```

Amri ikigusa mstari mmoja, endelea kuthibitisha oda ndani ya muamala huohuo. Isipogusa mstari, huenda haya ni marudio, kwa hiyo soma hali ya sasa ya malipo. Ikiwa tayari yamelipwa, jibu kwamba umepokea, usifanye lingine.

Tena, matokeo yanaweza yasifike kabisa. Weka kazi ya nyuma inayotafuta malipo yaliyosubiri zaidi ya dakika chache na kuyaulizia Daraja kupitia `/mpesa/stkpushquery/v1/query`. Jibu likisema hakulipa, malipo yanafungwa, oda inafutwa na marobota yanarudi stoo, vyote kwa muamala mmoja.

Linabaki tukio linalosahaulika. Mzigo umesharudishwa stoo, malipo yamefungwa, halafu matokeo ya kwamba amelipa yanafika yamechelewa. Amri ya hapo juu haitagusa mstari, na hali utakayoisoma itakuwa "yamefungwa". Hii si marudio, ni pesa ya mtu. Jaribu kuuweka kando mzigo upya. Unga ukiwa umeisha, oda ipewe hali ya kurudishiwa pesa na mtu wa ofisini aione siku hiyohiyo. Ndani ya monolithi uamuzi huo unasomeka katika faili moja. Mfumo ukiwa umegawanywa, unahitaji mazungumzo kati ya huduma tatu, na kila mazungumzo yanaweza kukatika kwa namna yake.

Utajua umefaulu ukituma matokeo yaleyale ya majaribio mara tano mfululizo na kukuta oda moja, risiti moja, SMS moja.

## Hatua ya 4: Tafuta sababu ya kweli ya kugawanya

Sasa ipe maikroservisi nafasi yake kwa haki. Kuna sababu ambazo nikiziona kwenye karatasi ya timu, nakubali wagawanye tangu mwanzo.

Moja ni timu zaidi ya moja. Ikiwa kundi la watu sita linashika malipo na kundi jingine linashika usafirishaji, na kila kundi linataka kupandisha toleo lake bila kusubiri jingine, mpaka wa huduma unawaondolea foleni. Watu wanne wanaokaa meza moja hawana foleni hiyo.

Nyingine ni sehemu inayohitaji mashine ya aina tofauti kabisa, kwa mfano kuchakata picha au video kwa kadi za GPU, huku sehemu iliyobaki ikitosheka na seva ya kawaida. Ya tatu ni sheria au kanuni za usalama. Mfumo unaoshika namba za kadi za benki huingia chini ya kanuni za PCI DSS, na kutenga sehemu inayogusa kadi hupunguza eneo la kukaguliwa. Malipo ya M-Pesa hayakupi namba ya kadi, kwa hiyo sababu hii haiigusi timu yetu ya Mombasa.

Sababu isiyotosha ni "tutakuwa wakubwa". Monolithi nayo huongezwa nakala: seva mbili, nne, kumi za programu ileile nyuma ya kigawa mzigo. Shopify imeendelea kukuza mfumo wake mkuu kama monolithi iliyogawanywa moduli ndani. Na mwaka 2023 wahandisi wa Prime Video ya Amazon walieleza kwamba walichukua mfumo wao wa kukagua ubora wa video, uliokuwa umetawanywa vipande vilivyopashana data kupitia hifadhi ya wingu, wakauweka ndani ya mchakato mmoja, na gharama za sehemu hiyo zikapungua kwa zaidi ya asilimia 90. Haina maana kwamba Prime Video yote ni monolithi. Ina maana kwamba vipande vinavyopashana data nyingi mfululizo vina bei, hata kwa wenye fedha.

Ukiona bado una shaka, fanya hesabu mbili.

Hesabu ya kwanza ni ya kuzima. Chukua huduma tano ambazo zote lazima ziwe hai ili oda ipite, kila moja ikiwa hai asilimia 99.9 ya muda. Zidisha 0.999 kwa nafsi yake mara tano: unapata takriban 0.995. Kwa mwezi wa siku 30, programu moja yenye kiwango hicho huzima kama dakika 43. Mnyororo wa tano huzima kama saa 3 na dakika 36, ikiwa hazizimi kwa wakati mmoja. Sasa tazama yale majina ya watakaopokea simu usiku. Wako wangapi?

Hesabu ya pili ni ya miunganisho ya hifadhidata. PostgreSQL kwa kawaida huja na kikomo cha miunganisho 100. Huduma sita, kila moja nakala mbili, kila nakala ikishika miunganisho 10, zinafika 120. Zikiwa zimewekwa kwenye seva moja ya hifadhidata ili kuokoa pesa, siku ya mwisho wa mwezi maduka yakiagiza kwa wingi logi zitajaa maneno haya:

```
FATAL: sorry, too many clients already
```

Monolithi ya timu hiyohiyo, nakala mbili zenye miunganisho 10 kila moja na kazi za nyuma zenye 5, inatumia 25.

Andikeni uamuzi wenu kwenye ukurasa mmoja: tumechagua nini, sababu zipi tulizitafuta tukazikosa au kuzipata, na ni ishara gani itatufanya tufikirie upya. Uhifadhiwe pamoja na msimbo. Mtu mpya akijiunga mwakani na kuuliza kwa nini hamna maikroservisi, msomesheni huo.

## Hatua ya 5: Jenga kuta ndani ya monolithi

Monolithi huharibika kwa njia moja inayojulikana: kila faili inaita kila faili, na baada ya mwaka hakuna anayethubutu kugusa oda kwa hofu ya kuvunja malipo. Kuta huzuia hilo, na ndizo zitakazowezesha kutenga sehemu baadaye bila kuandika upya.

Kila moduli ipate folda yake na skima yake kwenye hifadhidata, kama ulivyoona `stoo.bidhaa` na `malipo.malipo`. Kila folda iwe na faili moja la nje, tuliite `mlango.py`, na folda ya `ndani` ambayo moduli nyingine hazigusi. Moduli ya oda ikitaka kufungua malipo, inaita kazi iliyo kwenye mlango wa malipo. Haiandiki SQL ya kugusa jedwali la malipo, hata kama ni mstari mmoja na hata kama ni Ijumaa jioni.

Kanuni isiyokaguliwa na mashine haidumu. Kwa Python kuna `import-linter`. Faili lake `.importlinter` linaandikwa hivi:

```ini
[importlinter]
root_package = duka

[importlinter:contract:1]
name = Oda isiguse ndani ya malipo
type = forbidden
source_modules =
    duka.oda
forbidden_modules =
    duka.malipo.ndani
allow_indirect_imports = True
```

Mstari wa mwisho una kazi: bila huo, hata oda ikipitia mlango halali itahesabiwa imevunja kanuni, kwa sababu mlango wenyewe unaita ndani. Endesha `lint-imports` kwenye kila badiliko kabla halijaunganishwa na tawi kuu. Wanaotumia Java wana ArchUnit, na wa JavaScript wana dependency-cruiser.

Muamala wa hatua ya 2 unaendaje sasa, kama oda hairuhusiwi kuandika kwenye jedwali la malipo? Oda inafungua muamala, kisha inaipitishia milango ya stoo na malipo muunganisho uleule. Kila moduli inaandika kwenye jedwali lake, na `COMMIT` inabaki moja. Hapa ndipo wengi hupotea: wanadhani kuta zinadai hifadhidata tofauti.

Jaribio la kujua kuta zimesimama: mwambie mmoja wa timu abadilishe jina la safu kwenye jedwali la malipo. Akigusa faili za nje ya folda ya malipo, kuna ufa. Uzibeni kabla hamjaendelea.

## Hatua ya 6: Pandisha winguni kwa umbo jepesi

Jenga kontena moja. Liendeshe kwa amri mbili tofauti: moja inapokea maombi ya wateja, nyingine inafanya kazi za nyuma kama SMS, ripoti na ukaguzi wa malipo yaliyokwama. Msimbo ni uleule, toleo ni lilelile, michakato ni miwili. Hili peke yake linaondoa lalamiko kubwa dhidi ya monolithi, kwamba ripoti nzito ya mwisho wa mwezi itamaliza kumbukumbu ya seva na kuwaangusha wateja wanaoagiza. Ripoti ikianguka, inaangusha mchakato wa nyuma tu.

Kazi za nyuma zinahitaji foleni, na kwa ukubwa huu foleni inatosha kuwa jedwali. Oda inapothibitishwa, ujumbe wa SMS unaandikwa kwenye `taarifa.foleni` ndani ya muamala uleule, ili pasiwe na oda iliyothibitishwa bila SMS wala SMS ya oda isiyokuwepo. Mchakato wa nyuma unauchukua hivi:

```sql
SELECT id, simu, ujumbe FROM taarifa.foleni
 WHERE hali = 'bado'
 ORDER BY id LIMIT 1
 FOR UPDATE SKIP LOCKED;
```

Maneno `SKIP LOCKED`, yaliyoingia PostgreSQL toleo la 9.5, yanaruhusu wafanyakazi wawili wa nyuma kuchukua kazi tofauti bila kugongana. Mmoja akifa katikati, mstari wake unafunguka na mwingine anauchukua. Hapa kutuma SMS ndani ya muamala hakuna madhara ya kule kwenye stoo, kwa kuwa hakuna anayeusubiri mstari huo. Weka tu ukomo wa sekunde 10 kwa ombi la SMS. Kubali pia kwamba mara chache SMS itaenda mara mbili.

Hifadhidata ikodishwe kwa mtoa wingu, ili nakala za akiba ziwe kazi yake. Kuhusu eneo, AWS ina kituo Cape Town tangu 2020 na baadhi ya watoa wingu wengine wapo Johannesburg, lakini njia za mtandao kutoka Afrika Mashariki hazifuati ramani. Pima muda wa kwenda na kurudi kutoka kwenye simu ya mteja wako wa kweli, akiwa kwenye data ya simu, kabla ya kuamua kati ya huko na Ulaya. Programu na hifadhidata, hata hivyo, zikae eneo moja. Ukurasa mmoja unaouliza hifadhidata maswali 20 mfululizo, kila swali likisafiri milisekunde 100, unamwekea mteja sekunde 2 za kusubiri bure.

Kupandisha toleo kuna onyo lake. Kwa dakika kadhaa toleo la zamani na jipya yanafanya kazi pamoja kwenye hifadhidata ileile. Usifute wala kubadilisha jina la safu katika toleo lilelile linaloacha kuitumia. Ongeza safu mpya, pandisha msimbo unaoandika zote mbili, hamisha data, pandisha toleo linalotumia safu mpya pekee, na safu ya zamani ifutwe katika toleo linalofuata hilo.

Hatua hii imekamilika mtu yeyote wa timu akiweza kupandisha toleo kwa amri moja, akalirudisha la nyuma kwa amri moja, na mkiwa mmeshajaribu kurejesha hifadhidata kutoka kwenye nakala ya akiba.

## Hatua ya 7: Ishara za kutenga huduma ya kwanza

Muda utafika, labda. Msitenge kwa sababu msimbo umekuwa mrefu. Tengeni mkiona jambo linalopimika: sehemu moja inasababisha programu nzima kuongezewa seva huku nyingine zimelala, matoleo ya sehemu moja yanasubiri nyingine wiki kwa wiki, au sehemu moja inaanguka mara kwa mara na mchakato wa nyuma uliotengwa haujasaidia.

Anzeni na kilicho nje ya duara la hatua ya 2. Kwa timu yetu ni taarifa za SMS. Mlango wake upo, skima yake ipo, foleni yake ipo. Kinachobaki ni kuhamisha folda hiyo kwenye programu yake na kuipa hifadhidata yake. Foleni iliyo upande wa monolithi inaendelea kuandikwa ndani ya muamala wa oda, ila sasa mfanyakazi wa nyuma, badala ya kutuma SMS mwenyewe, anaipelekea huduma mpya ujumbe ukiwa na namba yake ya foleni. Huduma mpya inaweka namba hiyo kwenye safu yenye `UNIQUE`, ili ujumbe ukiletwa mara mbili utambuliwe. Malipo yatengwe mwisho, kama yatatengwa.

Kabla ya kuwaelekeza wateja wote huko, pitisheni sehemu ndogo ya SMS kwenye njia mpya kwa wiki moja, njia ya zamani ikiwa bado ipo, na kila asubuhi linganisheni idadi iliyoandikwa kwenye foleni na iliyotumwa. Namba zikilingana siku zote saba, ongezeni sehemu hiyo hadi SMS zote zipite kule.

Na kuna dalili ya kutazama baada ya hapo. Ikiwa huduma mpya bado inasoma majedwali ya monolithi, au haiwezi kupandishwa bila monolithi kupandishwa saa ileile, mmepata gharama za mtandao bila uhuru wowote. Irudisheni ndani kama moduli, mtafute ni data gani inavuka mpaka, na mjaribu tena hapo data hiyo itakapokuwa na mwenyewe mmoja.